Faili ya ISO imegoma kupachikwa, au kisakinishi kimekwama njiani: dalili na visababishi vyake

Kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi hazina tundu la diski, lakini programu za zamani za uhasibu, kamusi, masomo ya shule na hata viendeshi vya mashine za kuchapa bado ziko kwenye CD na DVD. Suluhisho ni kuwa na nakala ya diski hiyo katika faili moja ya ISO, kisha kuipachika: Windows inaifanya ionekane kama diski halisi iliyoingizwa kwenye kompyuta, na hakuna haja ya kuchoma chochote. Windows 8, 10 na 11 zina uwezo huo ndani yake. Unabofya faili kulia, unachagua Mount, na herufi mpya, tuseme E:, inatokea chini ya This PC. Mwenye Windows 7 atahitaji programu ya nje kama WinCDEmu au Virtual CloneDrive, ila visababishi vingi vilivyo hapa chini vitamhusu naye.

Kabla ya kugusa kitu, jiulize kama herufi ya diski imeonekana na ukaweza kuona mafaili ndani yake. Kama jibu ni hapana, tatizo liko kwenye ISO, mahali ilipohifadhiwa, au mpangilio wa Windows. Kama ni ndiyo, kupachika kumeshafanikiwa, na hata ukirudia mara kumi hutapata kipya. Shida iko kwenye data iliyomo ndani au kwenye kisakinishi chenyewe. Watu wengi hupoteza saa nzima upande usiohusika.

## Dalili: ukibofya ISO inafunguka WinRAR au 7-Zip, na neno Mount halionekani

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo jepesi kuliko yote. Ulipoweka programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa, ilijitwalia mafaili ya ISO pia. Bofya faili kulia, nenda Open with, chagua Windows Explorer. Ukitaka ibaki hivyo siku zote, fungua Settings, kisha Apps, kisha Default apps, tafuta `.iso` na uirudishe kwa Windows Explorer.

Kama menyu zinakuchanganya, zipite. Fungua PowerShell na uandike amri hii, ukiweka njia ya faili yako:

```
Mount-DiskImage -ImagePath "C:\ISO\programu.iso"
```

Amri hii haijali faili imeunganishwa na programu gani, kwa hiyo ni kipimo kizuri pia. Ikifanya kazi, ujue ISO yako ni nzima na kilichoharibika ni menyu tu.

Kuna wanaoitoa ISO yote kwa WinRAR na kuendesha `setup.exe` kutoka kwenye folda. Mara nyingi inakubali, na huko mbele nitakushauri jambo linalofanana na hilo. Ila ukikuta ndani kuna faili moja tu ya README inayosema diski inatumia mfumo wa "UDF", usidhani umeuziwa diski tupu. Programu uliyotumia haijui kusoma mpangilio huo wa mafaili, wakati Windows inaujua. Ipachike, utaona kila kitu.

Kisababishi adimu ni kwamba faili si ISO kabisa. Nakala za diski huja pia kama `.bin` pamoja na `.cue`, au `.nrg`, au `.mdf`. Windows haizipachiki hizo, na kubadilisha jina liishie na `.iso` hakubadilishi kilichomo ndani. Kipande kimoja cha data kwenye ISO ya kawaida kina baiti 2,048, lakini ndani ya `.bin` nyingi kina baiti 2,352, kwa sababu vimebeba na taarifa za ziada za diski. WinCDEmu huweza kusoma aina hizo.

## Dalili: "Couldn't Mount File"

Soma maneno yaliyo chini ya kichwa hicho kabla ya kufunga dirisha. Mara nyingi ujumbe unakutaka uhakikishe faili iko kwenye diski ya NTFS na haiko kwenye folda iliyobanwa. Ujumbe mwingine unasema wazi kwamba faili imeharibika: "The disc image file is corrupted".

Tuanze na mahali faili ilipo, maana ndiko penye makosa mengi. ISO iko kwenye flashi, kwenye folda ya mtandao wa ofisi, au ndani ya OneDrive ambako unaona jina tu huku faili yenyewe ikiwa bado intaneti. Alama ya wingu kando ya jina itakuambia. Tengeneza folda `C:\ISO`, nakili faili humo, kisha jaribu tena. Nimesema nakili, usikate na kubandika. Ukihamisha faili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya C: hiyohiyo, huwa inabeba tabia zake za zamani, ikiwemo ile ya kubanwa. Ukiinakili, Windows huandika faili mpya inayofuata tabia ya folda mpya. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowafanya watu waseme "nimeshaihamisha lakini bado inagoma".

Kisababishi cha pili ni faili iliyopakuliwa kwa torenti. Programu za torenti hupenda kutenga nafasi ya faili nzima mapema bila kuijaza, na Windows huipa faili hiyo alama ya kuwa na mianya, yaani sehemu zinazohesabika kwenye ukubwa lakini hazijaandikwa chochote kwenye diski. Hata upakuaji ukikamilika, alama inaweza kubaki, na kipachikaji cha Windows hukataa faili yenye alama hiyo. Kuinakili upya huiondoa. Ukitaka kuhakikisha:

```
fsutil sparse queryflag "C:\ISO\programu.iso"
```

Ikijibu "This file is set as sparse", umempata mchawi wako. Nakili faili kwa jina jingine na upachike hiyo nakala.

Ikiwa bado inagoma, bofya faili kulia, ingia Properties, kisha Advanced, uone kama Compress contents to save disk space ina alama. Kwenye kompyuta zenye diski ndogo, mtu aliwahi kuibana C: nzima ili apate nafasi, akasahau. Ondoa alama kwa faili hiyo moja tu. Huna haja ya kufungua diski nzima.

Ukifika hapa na haijakubali, ichukulie ISO kuwa mbovu, na kipimo chake ni kilekile cha dalili ya kisakinishi kukwama.

## Dalili: hakuna kosa lolote, lakini herufi haionekani

Bonyeza F5 kwanza ndani ya This PC. Kisha ulize Windows yenyewe:

```
Get-DiskImage -ImagePath "C:\ISO\programu.iso" | Get-Volume
```

Ukiona mstari wenye jina la diski lakini sehemu ya DriveLetter ni tupu, diski ipo na haina herufi. Hutokea sana ofisini ambako folda za mtandao zimeshachukua herufi. Bofya kulia kitufe cha Start, chagua Disk Management, itafute chini kabisa kwenye orodha ya CD-ROM, bofya kulia na uchague Change Drive Letter and Paths. Ipe herufi iliyo mbali, kama R:, isigongane na flashi itakayochomekwa kesho.

Kwenye kompyuta ya kazini inawezekana kabisa kwamba msimamizi amezuia upachikaji kwa makusudi. Hapo acha. Mwone mtu wa TEHAMA. Kuzunguka kizuizi cha mwajiri kwa programu ya nje kunaweza kukugharimu zaidi ya hiyo programu unayotaka kusakinisha.

## Dalili: kisakinishi kinaanza vizuri, kisha kinakufa katikati

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu hapa ndipo mtu hulaumu kisakinishi, antivairasi na Windows kwa pamoja.

Chukua mfano wa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi aliyeleta kompyuta yake akilalamika: "Fundi, ISO imefunguka safi kabisa, mafaili yote nayaona, ila ikifika zaidi ya nusu inaandika Error 1335." Kosa hilo linasema faili la `.cab` linalohitajika limeharibika na haliwezi kutumika. Alikuwa amekwishaondoa antivairasi na alikuwa anajiandaa kusakinisha Windows upya.

Kitu cha kwanza kilikuwa kuangalia ukubwa wa ISO kwenye Properties, ile namba ndefu ya baiti iliyo ndani ya mabano. Ilisomeka 1,501,640,215. Namba hiyo peke yake inatosha kumtia faili hatiani. ISO ya kawaida hujengwa kwa vipande vya baiti 2,048, kwa hiyo ukubwa wake lazima ugawanyike kwa 2,048 bila baki, na namba inayoishia na 5 haiwezi. Ukurasa wa muuza programu ulikuwa umeandika baiti 2,254,848,000, ambayo inagawanyika sawasawa. Alikuwa na theluthi mbili tu ya faili. Bando lilikatika usiku, kivinjari kikaandika kwamba kimemaliza, naye akaamini.

Kwa nini basi ilipachikika, tena na mafaili yote yakaonekana? Kwenye ISO, utambulisho wa diski huanza kwenye baiti ya 32,768, na orodha ya mafaili kwa kawaida huwa jirani na hapo, mwanzoni kabisa. Windows ikishasoma orodha, inakuonyesha majina na hata ukubwa wa kila faili, ikiwa na imani kwamba data yake iko huko mbele. `setup.exe` ilikuwa kwenye theluthi mbili zilizopatikana, ikaendeshwa. Lile faili la `.cab` mkia wake ulikuwa kwenye theluthi iliyokosekana, na kisakinishi kikaenda kulisoma na kukuta hakuna kitu. Alipakua upya kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, akalinganisha namba, na kisakinishi kikamaliza bila kelele. Antivairasi ikarudishwa.

Ukubwa ukiwa sawa haimaanishi yaliyomo ni sawa. Kama muuzaji ametoa SHA256, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ya faili, ilinganishe na yako:

```
Get-FileHash "C:\ISO\programu.iso" -Algorithm SHA256
```

Herufi moja ikitofautiana, faili si ile. Kama hakuna namba ya kulinganisha na ISO imekuja kwa flashi ya mwenzako, piga amri hii kwenye kompyuta yake na kwenye yako. Zikitofautiana, flashi imeharibu faili njiani. Flashi za bei ya chini zinazodanganya ukubwa wake hufanya hivyo sana: unanakili bila kosa lolote, lakini kilichoandikwa baada ya nafasi halisi kwisha ni takataka.

ISO ikithibitika kuwa nzima na bado kisakinishi kinakufa, vinafuata visababishi vya kawaida zaidi. C: imejaa, kumbuka kisakinishi hufungua mafaili kwanza kwenye folda ya muda, hivyo hitaji lake wakati wa kusakinisha huweza kuzidi ukubwa wa programu. Au antivairasi inashika faili moja katikati ya kazi. Isimamishe kwa dakika hizo chache tu, na iwe tu kwa ISO ambayo SHA256 yake imelingana na ya muuzaji.

Kisha kuna kisababishi ambacho hukitaki. Piga `Get-FileHash` mara mbili kwenye faili ileile, uwashe upya kompyuta katikati. Majibu yakitofautiana, au ukipata ujumbe "Data error (cyclic redundancy check)", kompyuta yenyewe haisomi data kwa uhakika, na tatizo ni RAM au diski. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute makosa yaliyotoka kwa "disk". Event ID 7 yenye maneno "has a bad block" ni diski inayokufa.

Simama hapo. Usijaribu kusakinisha tena, na usikimbilie `chkdsk /r`, maana inailazimisha diski dhaifu kusomwa yote na inaweza kuimalizia. Nakili kwanza nyaraka zako muhimu kwenye diski nyingine, halafu mpelekee fundi. Kama hazinakiliki, zima kompyuta kabisa na umweleze fundi kwamba unataka data kuliko kompyuta, ili asianze kwa kufuta.

## Dalili: kinadai uingize diski, au baada ya kuwasha upya kimepotea

Diski iliyopachikwa huondoka kompyuta inapowashwa upya. Programu kadhaa za zamani huwasha upya kompyuta katikati ya usakinishaji, kisha hutafuta diski ileile kwenye herufi ileile. Kama ilikuwa E: na sasa flashi ndiyo imeikalia E:, kisakinishi kitalalamika ingawa umepachika ISO tena kwenye F:. Chomoa flashi, bofya diski kulia na uchague Eject, pachika upya, hakikisha imerudi E:, ndipo ubonyeze OK.

Programu yenye diski mbili au tatu hukwama kwa namna hiyohiyo. Diski ya pili ikipachikwa inapewa herufi nyingine, huku kisakinishi kikiiwinda kwenye ile ya kwanza. Kikiwa na kitufe cha Browse, kionyeshe herufi mpya. Kisipokuwa nacho, ghairi usakinishaji na ufanye hivi, njia ambayo mimi naitumia hata pasipo na tatizo: pachika diski zote, fungua folda moja kama `C:\Usakinishaji`, unakili humo yaliyomo ya diski ya kwanza, halafu ya pili juu yake, kisha uziondoe diski na uendeshe `setup.exe` ya hapo. Ikiuliza kama ibadilishe faili lenye jina lililokwishakuwepo, lile la diski ya kwanza ndilo libaki. Visakinishi vingi huridhika kukuta mafaili ya diski ya pili kando yao na haviulizi chochote.

Folda hiyo inatibu pia wale wanaopata, miezi baadaye, ujumbe kwamba kipengele wanachotaka kiko kwenye CD-ROM isiyopatikana. Ukiwa na nafasi, usiifute.

Kuna diski ambazo hazitakubali kwa vyovyote. Michezo mingi ya miaka ya 2000 ililindwa kwa SafeDisc au SecuROM, na ISO ya kawaida haibebi alama za ulinzi huo. Tena Windows 10, tangu ilipotoka mwaka 2015, haina kiendeshi cha SafeDisc, kwa hiyo hata diski halisi uliyoinunua haitatosha. Usihangaike na ISO nyingine. Tafuta toleo jipya la programu.

## Dalili: "This app can't run on your PC"

Kama diski ni ya miaka ya 1990, huenda kisakinishi chake ni cha biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za aina hiyo. Hakuna mpangilio wa kubadilisha. Njia iliyobaki ni kompyuta ya zamani yenye Windows ya biti 32, au Windows hiyo ndani ya mashine pepe. Wakati mwingine ni kisakinishi tu chenye biti 16 ilhali programu yenyewe ni ya biti 32, lakini kuitoa kwa mikono ni kazi ya mtu anayejua anachokitafuta.

Ujumbe wa "Windows protected your PC" ni jambo tofauti. Windows inaweka alama kwenye faili lililotoka intaneti, na tangu masasisho ya Novemba 2022 alama ya ISO inawafikia pia mafaili yaliyomo ndani yake. Kabla ya hapo walaghai waliitumia ISO kama koti la kupitishia virusi, kwa kuwa kilichokuwa ndani hakikuonekana kama kimetoka nje. Bofya `setup.exe` kulia, ingia Properties, uangalie Digital Signatures. Ukikuta jina la mtengenezaji unayemtarajia, endelea. Kwa programu ya zamani isiyo na saini, SHA256 inayolingana na ya muuzaji ndiyo kinga yako.

Lakini ISO iliyokuja kwa barua pepe au WhatsApp, ina MB chache, na ndani hakuna `setup.exe` ila njia ya mkato yenye jina kama "Ankara" au "Malipo": hiyo iondoe kwa Eject na uifute. Kama umeshaibofya, kata intaneti, usiingie benki wala barua pepe kupitia kompyuta hiyo, na badilisha nywila zako kwa simu. Kompyuta ikaguliwe na mtaalamu kabla ya kuiunganisha tena.

## Dalili: umemaliza, lakini ISO haifutiki

Bado imepachikwa. Eject ikikataa, funga madirisha yaliyo wazi ndani ya diski hiyo, kisha:

```
Dismount-DiskImage -ImagePath "C:\ISO\programu.iso"
```

Ikishindikana pia, washa kompyuta upya, itakuwa imeshaachia.